Prompti: ondoa fujo nyuma ya chupa ya mafuta ya nazi, picha iwe tayari kwa klipu ya tangazo

Hariri picha niliyoambatisha. Ni chupa ya kioo ya mviringo, mililita 250, yenye mafuta ya nazi. Imepigwa kwa simu juu ya meza ya jikoni, Tanga, asubuhi. Nyuma yake kuna ndoo ya bluu, sufuria zilizopangwa ovyo, waya wa chaja na pazia lenye maua. Viondoe vyote, weka mandhari mapya niliyoyaeleza hapa chini. Picha hii ndiyo itakayokuwa fremu ya kwanza ya klipu ya sekunde 6, kwa hiyo kosa lolote litakalobaki hapa litatembea kwenye video nzima.

Chupa usiichore upya. Umbo lake, kifuniko cheusi, kimo cha mafuta shingoni na lebo vibaki kama vilivyo kwenye picha. Lebo inasomeka hivi, mistari mitatu:

MAFUTA YA NAZI
Yamekamuliwa bila moto
250 ml

Usibadilishe hata herufi moja, wala usiongeze nembo, muhuri au nyota za ubora. Kona ya chini kulia ya lebo imebanduka kidogo, iache. Lebo hizi tunazibandika kwa mkono, na mteja atakayepokea chupa aikute kama alivyoiona kwenye tangazo.

Mafuta yabaki maji maji, maangavu, yenye umanjano hafifu sana. Mafuta ya nazi huganda na kuwa meupe joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, lakini siku ya picha kulikuwa na joto. Usiyafanye meupe, na usiyakoleze yakafanana na alizeti.

Sehemu ngumu ni kioo, ifanye kwa makini. Ukitazama upande wa kulia wa chupa, ndani ya mafuta, utaona utepe wa bluu: ni ile ndoo inayoonekana kupitia kioo. Ukiondoa ndoo nyuma ukauacha utepe huo ndani, kila mtu atajua picha imebandikwa. Chupa ya mviringo iliyojaa mafuta hufanya kazi kama lenzi na kugeuza kushoto kuwa kulia, basi kinachoonekana kupitia kioo kifuate mandhari mapya kwa mpangilio huo. Mng'ao mrefu mweupe wa dirisha ulioko ubavu wa kushoto ubaki.

Mandhari mapya: ukuta wa chokaa, mweupe uliofifia, wenye mikwaruzo midogo ya brashi, usio na kitu kilichotundikwa. Chini, mkeka wa ukili wa rangi ya asili, na misuko yake ionekane wazi karibu na chupa kisha ififie taratibu kuelekea ukutani. Kulia, nyuma kidogo ya chupa, weka nusu moja ya nazi iliyovunjwa, nyama ikitazama juu, isiguse chupa wala kuzidi theluthi ya kimo chake. Iwe nazi iliyokomaa, kifuu cha kahawia chenye nyuzi. Usiweke dafu la kijani. Mafuta haya hayatoki kwenye dafu. Ufukwe, machweo na mnazi mzima sivitaki, kila tangazo la nazi limejaa hivyo.

Mwanga utoke dirishani kushoto, juu kidogo, kama ulivyo kwenye picha ya asili. Kivuli cha chupa kiangukie kulia juu ya mkeka, kiwe cheusi zaidi pale kitako kinapogusa ukili, na katikati yake kuwe na mwanga wa dhahabu uliopita kwenye mafuta. Bila hivyo chupa itaonekana inaelea. Ukutani, juu kushoto, weka kivuli laini cha kuti la mnazi. Hicho peke yake ndicho kitakachotikiswa na upepo kwenye klipu, kwa hiyo kisiifikie chupa wala lebo.

Fremu iwe wima, 9:16, pikseli 1080 kwa 1920. Chupa isimame katikati, ichukue karibu nusu ya urefu wa fremu. Kamera itaisogelea polepole, hivyo pembeni pawe na nafasi ya kutosha, na nazi isikatwe na ukingo. Juu ya kifuniko uache ukuta mtupu kwa ajili ya maandishi ya bei, nitakayoyaweka mwenyewe baadaye. Robo ya chini iwe mkeka tu, maana hapo ndipo vitufe vya simu hufunika.

Usiweke mikono, watu, mvuke, matone yanayoruka wala maandishi mengine yoyote. Kingo za chupa ziwe safi, zisiwe na ukanda mweupe wala mabaki ya pazia. Nipe picha moja tu, PNG.