Kuandaa laptopu ndogo kwa somo la Python: tuanze na Thonny

Wenzangu, mmeniuliza sana tangu Alhamisi tuweke edita gani ya kuandikia Python, basi naandika mara moja tu. Haya ni ya wenye laptopu za mtumba kama yangu: RAM ya GB 2 au 4, diski ya zamani inayokoroma, betri inayokufa stima ikipotea. Mwenye mashine mpya atumie atakacho.

Kwanza jua mashine yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua Settings, System, kisha About. Tazama vitu viwili: Installed RAM, na System type kama ni 32-bit au 64-bit. Viandike mahali, maana ndivyo vinavyoamua faili utakayopakua.

Wengi mmeambiwa mweke VS Code. Si edita mbaya hata kidogo, na huenda sote tukaishia huko. Lakini imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake mna injini ile ile ya brauza ya Chromium, na kila kiongezi unachokiweka kinadai RAM yake. Isitoshe, haiji na Python. Hiyo unaitafuta kando. Kwa GB 2, huku Chrome imefunguliwa vichupo sita, utangoja herufi ijitokeze kama unangoja feri ya Likoni saa kumi na moja jioni.

Thonny ni edita iliyotengenezewa wanaoanza, katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo hakuna cha kuweka kingine. Ipakue thonny.org. Mwenye Windows 10 au 11 ya 64-bit achukue ile ya kawaida. Mwenye Windows 7, au mashine ya 32-bit, achukue faili yenye `py38` kwenye jina lake. Hiyo inatumia Python 3.8, ambayo ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Itakutosha kwa muhula huu, ila ukiona mfano wenye neno `match` usishangae ukikukatalia: hilo liliingia Python 3.10.

Faili si kubwa, lakini hakuna haja ya sote kumaliza bando kwa kitu kimoja. Nimezipakua zote mbili, ziko kwenye flashi.

Wakati wa kuweka, chagua "Install for me only". Hapo hutaulizwa nywila ya msimamizi, jambo zuri kwa mnaotumia laptopu ya kaka au ya ofisini kwa mzee. Ikifunguka mara ya kwanza acha English na Standard, ili menyu zako zifanane na tunazoonyeshwa darasani. Halafu andika hivi:

```python
jina = input("Jina lako: ")
print("Mambo,", jina)
```

Hifadhi kwa jina `salamu.py`, kisha bonyeza F5. Jibu linatokea chini, kwenye Shell. Sasa fungua View, weka alama kwenye Variables, ubonyeze Ctrl+F5 badala ya F5. Programu itasimama, na kila ukibonyeza F6 itapiga hatua moja huku thamani zikionekana pembeni. Mimi loop niliielewa hapo, si ubaoni.

Fungueni folda moja ya somo, kwa mfano `C:\python_kazi`, na kila kitu kikae humo. Usiipe faili jina `random.py` wala `turtle.py`: siku utakayoandika `import random`, Python itachukua faili yako badala ya ile yake, na utatafuta kosa mpaka adhana ya alfajiri.

Na tafadhali, msitumiane kodi ya Python kama ujumbe wa WhatsApp. Wiki iliyopita nilinakili mistari minne kutoka kwenye simu nikapata hii:

```
SyntaxError: invalid character '“' (U+201C)
```

Kibodi ya simu ilikuwa imegeuza alama za kunukuu zikawa zile zilizopinda. Tumeni faili yenyewe ya `.py` kama Document.

Mashine ya Windows 10 au 11 ikiwa bado nzito, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Startup, uzime visivyohitajika kuwaka pamoja na Windows. Usiguse antivirasi. Funga brauza ukiwa unaandika, maana hiyo ndiyo mlaji mkuu.

Wa Ubuntu au Lubuntu kazi yenu ni mstari mmoja:

```
sudo apt install thonny
```

Flashi nitakuwa nayo Jumatatu kabla ya kipindi, viti vya nyuma karibu na feni. Ukikwama kabla ya hapo, nitumie maandishi mekundu yote kama yalivyo, pamoja na ile RAM na System type ulizoandika. "Imekataa" peke yake sitaijibu.