Tahadhari: barua ya kazi inayotaka hela kwanza

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kurudi kwenye matangazo.

Tangu Jumatatu wenzetu watatu wamenitumia barua ileile ya ajira: karani wa ghala, kuripoti mwezi ujao, nembo ya kampuni inayojulikana, muhuri na saini vyote vipo. Hakuna hata mmoja wao aliyefanyiwa usaili. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, wanatakiwa kulipia vipimo vya afya na sare kabla ya Ijumaa saa sita mchana, eti "utarudishiwa kwenye mshahara wa kwanza". Wawili walisita. Wa tatu alilipa, akaambiwa bado ya bima, akalipa tena. Alipouliza aripoti wapi, namba ikawa haipatikani.

Tuelewane kuhusu hizi ada. Fomu, mafunzo, usajili, "kushikiwa nafasi": majina hubadilika, hela huenda kulekule. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada wala gharama, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Si kila nchi imeuridhia, na una mianya yake. Humu kikundini mianya hiyo siitambui: tangazo linalodai hela nalifuta.

Kukagua si kazi ya wataalamu. Anza na barua pepe, usome kilicho baada ya alama ya @. Hii ilitoka gmail.com. Ukikuta jina la kampuni usitulie bado, maana huongeza kistari au herufi moja tu. Tovuti ukiitilia shaka, iandike kwenye lookup.icann.org; mara nyingi utaona ilisajiliwa lini. Kampuni ijisifu kuwa na miaka 20, tovuti iwe na wiki tatu?

Kisha pigia kampuni yenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Ile ya kwenye barua atapokea tapeli, tena kwa adabu kuliko mapokezi yoyote. Jana nilipiga nikaomba idara ya ajira: nafasi hiyo haipo, na aliyesaini hawamjui. Ilinichukua dakika nne.

Kabla hujathibitisha, usitume picha ya kitambulisho. Namba ya siri inayokuja kwa ujumbe usimpe mtu yeyote, hata ukishathibitisha.

Kama umeshalipa, piga sasa hivi kwa mtandao wako wa simu au benki uombe muamala uzuiwe, halafu nenda polisi. Mazungumzo usiyafute. Akijitokeza mtu wa "kukurudishia" hela kwa malipo kidogo, huyo ni tapeli mwingine, au yuleyule amebadili namba.

Mwenye barua ya namna hii anitumie inboksi, afunike namba ya kitambulisho. Na atakayemcheka aliyelipa, namtoa kikundini.