Pendekezo: slaidi za figo tugawane, kila mmoja afundishe sehemu yake

Wenzangu, habari za jioni. Ujumbe huu ni mrefu kidogo, naomba muusome wote kabla ya kujibu kwa sababu unagusa ratiba ya kila mmoja wetu.

Mhadhiri ameshatuwekea slaidi zote za figo, jumla 64, na mtihani ni Jumatatu tarehe 23. Napendekeza safari hii tusizipitie kwa mtindo wetu wa mmoja kushika kompyuta na wengine kufuata kwa macho. Tuzigawe sehemu sita, na kila mmoja aje kutufundisha sehemu yake kana kwamba hatujawahi kuisikia. Ukifuata slaidi kwa macho unazoea majina tu. Ukisimama mbele ya watu watano wanaouliza "kwa nini?", papo hapo unajua ni wapi uelewa wako umekatika, na bado una muda wa kurudi kusoma.

Mgawanyo nimeuwaza hivi. Juma, chukua slaidi 1 hadi 9, umbile la figo na nefroni. Ni fupi, lakini wote tutaijenga juu yake, kwa hiyo nakuomba uchore nefroni nzima ubaoni bila kutazama, nasi tuichore pamoja nawe. Mchoro huohuo ndio tutakaoutumia hadi mwisho.

Neema, slaidi 10 hadi 22, uchujaji kwenye glomeruli. Hapa kuna namba ambazo zikieleweka hazisahauliki: mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku, wakati plazma yote mwilini ni kama lita 3. Maana yake plazma ileile inachujwa takribani mara 60 kwa siku. Tupigie hesabu hiyo mbele yetu hatua kwa hatua. Kisha tueleze ule mchezo wa mishipa miwili: ukibanwa mshipa unaoingiza damu, uchujaji unashuka, ukibanwa kiasi ule unaoitoa, shinikizo ndani ya glomeruli linapanda. Swali la namna hiyo hupenda kutokea, na anayekariri huwa analigeuza.

Salma, slaidi 23 hadi 33, mrija wa mwanzo. Karibu theluthi mbili za maji na sodiamu zinarudishwa kwenye damu hapo, pamoja na glukosi yote kwa mtu mwenye afya. Tunataka utuambie kwa nini mgonjwa wa kisukari anakojoa sukari, na kwa nini sukari hiyo inamfanya akojoe mara nyingi.

Sasa kitanzi cha Henle, slaidi 34 hadi 44. Nimemwandika Baraka, na nasema wazi kwamba nimefanya hivyo kwa makusudi. Baraka, wiki iliyopita ulisema hii ndiyo sehemu usiyoipenda kuliko zote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kukupa. Anayeiona rahisi ataruka hatua bila kujua kwamba ameziruka. Wewe utazikanyaga zote, nasi tutapita nyuma yako. Usijaribu kumaliza slaidi zote 11. Shika jambo moja tu: mkono unaoshuka unapitisha maji, mkono mnene unaopanda unatoa chumvi lakini hauruhusu maji kuifuata. Kwa kiasi kikubwa kutokana na tofauti hiyo, ukolezi ndani kabisa ya figo unafika kama milliosmoli 1200 kwa kilo ya maji, wakati wa damu ni karibu 300. Ukiweza kututoa kwenye 300 hadi kwenye 1200 kwa kuchora mishale, umemaliza kazi. Halafu tuulize: dawa ya furosemidi inazuia ule utoaji wa chumvi kwenye mkono mnene, je, nini kinatokea kwa mkojo, na kwa nini? Tukijibu bila kusita, sehemu hiyo imeeleweka. Sehemu hii naomba tuipe dakika 40, nyingine zote 25.

Slaidi 45 hadi 55 ni homoni: renini, angiotensini, aldosteroni na vasopresini. Hizo nitachukua mimi. Rehema atamalizia 56 hadi 64, asidi na bikaboneti, kwa kuwa kemia ya namna hiyo anaifundisha vizuri na sisi tunaichoka mwishoni.

Kuna mambo machache ambayo tusipokubaliana mapema mpango utaharibika. La kwanza, kupewa sehemu hakumwondolei mtu wajibu wa kusoma slaidi zote 64. Kila mmoja apitie sehemu za wenzake hata kwa haraka kabla ya kuja, la sivyo tutakuwa na watu sita, kila mmoja akijua kipande kimoja cha figo. La pili, anayefundisha asisome slaidi kwa sauti. Slaidi zibaki kwenye skrini kwa ajili ya michoro tu. Na tafadhali, faili la mhadhiri lisiguswe: nimetengeneza nakala yake kwenye folda yetu, humo kila mmoja aandike maelezo yake chini ya slaidi zake, pale pa maelezo ya mzungumzaji. Usifute wala kuhamisha slaidi ya mtu mwingine, maana namba zikibadilika wote tutapotea.

Kila mmoja aandae pia maswali matatu ya sehemu yake, mojawapo liwe la mgonjwa au la dawa. Maswali hayo 18 ndiyo tutakayojipima nayo baadaye, na atakayejibu asiwe aliyeyatunga.

Najua hofu iliyopo: mtu akifundisha kitu kisicho sahihi, wote tutakibeba hadi kwenye mtihani. Kwa hiyo kila sehemu iwe na msaidizi atakayeisoma kwa kina kama mwenyewe. Juma amsaidie Neema, Neema amsaidie Salma, Salma amsaidie Baraka, Baraka anisaidie mimi, mimi nimsaidie Rehema, na Rehema amsaidie Juma. Msaidizi akisikia kosa, alisimamishe palepale, bila aibu kwa yeyote. Wakibishana na kitabu hakiwasuluhishi, tunaandika swali na kumpelekea mhadhiri. Msaidizi ndiye pia atakayefundisha mwenzake akipata dharura, hivyo hakuna sehemu itakayoachwa wazi.

Kuhusu muda: Jumamosi tarehe 14, saa 3 asubuhi, tuanze na Juma, Neema na Salma. Jumatano tarehe 18, saa 11 jioni, Baraka, mimi na Rehema. Nimeacha siku tatu katikati kwa makusudi, ili kitanzi cha Henle kisitukute tumechoka, na ili Baraka awe na muda wa kutosha. Kuanzia tarehe 19 tunabaki na maswali tu.

Kama kuna anayetaka kubadilishana sehemu, abadilishane na mwenzake moja kwa moja kisha watuambie hapa. Baraka, wewe ukiona hiyo sehemu ni mzigo mno, nitafute leo tuongee. Naweza kukaa nawe Alhamisi jioni tuchore mishale pamoja kabla hujaanza kuandaa.

Naomba kila mmoja aandike "nakubali" au aseme anachotaka kibadilishwe kabla ya kesho saa 2 usiku. Folda iko wazi tayari, na maelezo ya slaidi 45 hadi 48 nimeshaanza kuyaweka, mnaweza kuyatazama mjue ninamaanisha urefu gani.