Barua ya Kuomba Nafasi ya Staji katika Idara ya Uhasibu

Esther Mwamba
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Biashara na Uhasibu
Taasisi ya Juu ya Biashara (ISC), Lubumbashi
Makao: Komini ya Katuba

Lubumbashi, 9 Februari 2026

Kwa Bwana Mkuu wa Idara ya Uhasibu,
Depo ya Vyakula vya Jumla,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi

YAH: OMBI LA STAJI YA MIEZI MITATU

Bwana Mkuu,

Kwa heshima naleta ombi la kufanya staji katika idara yenu, kuanzia Jumatatu tarehe 2 Machi hadi Ijumaa tarehe 29 Mei 2026. Tangazo lenu nimelisoma kwenye ubao wa taasisi yetu: mnatafuta mwanafunzi wa kusaidia kupanga faktura na kulinganisha kese na vitabu.

Sijawahi kuajiriwa ofisini. Kazi ninayoweza kuitolea ushahidi ni ya duka la shangazi yangu katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anakouza unga wa mahindi, mafuta na sukari. Tangu nilipoanza masomo ya juu, daftari lake la hesabu ni mimi ninayeliandika, jioni na siku za Jumamosi.

Nilipolipokea, deni, mauzo na matumizi ya nyumbani vilikuwa vimeandikwa kwenye ukurasa mmoja. Nilivitenganisha. Lililonisumbua zaidi ni kese: shangazi hununua mzigo kwa dola, lakini wateja wengi hulipa kwa faranga, na bei ya dola ya asubuhi si lazima iwe ile ya jioni. Fedha zilikuwa zinapungua bila mtu kuiba. Niliongeza safu ya bei ya dola ya siku, nikawa nahesabu dola na faranga kila moja peke yake kabla ya kujumlisha. Dola zilizochanika, ambazo wauzaji wa jumla huzikataa au huzipokea kwa bei ya chini, naziweka kwenye bahasha yake na kuziandika kando, zisije zikahesabiwa kama fedha ya kununulia mzigo. Malipo ya M-Pesa na Airtel Money nayo yana safu yake, pamoja na makato. Sasa tofauti ikitokea jioni, tunajua pa kuitafuta.

Daftari hilo nimelihamishia kwenye Excel. Kwa fomula ya SOMME.SI shangazi anaona deni la kila mteja bila kufungua kurasa za nyuma, na wale wanaosema “nilikwisha kulipa” wanaonyeshwa tarehe na kiasi, bila ugomvi.

Darasani tumesoma uhasibu wa SYSCOHADA, kwa hiyo akaunti za 40, 41, 52 na 57 si ngeni kwangu, na najua kutenga TVA ya 16% kwenye faktura. Ila haya nimeyafanya kwenye mazoezi tu, maana duka la shangazi ni dogo mno kwa mambo ya TVA. Programu ya Sage tumeionyeshwa kwa saa chache; nitahitaji mtu wa kunielekeza siku za mwanzo. Kulinganisha kese, kuhesabu stoki na kufuatilia madeni naweza kuanza mara moja.

Nimeiomba depo yenu, wala si benki kama wenzangu wengi, kwa sababu kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu mauzo ya mkopo kwa wauzaji wadogo. Wateja wenu ndio hao. Nawajua kwa upande wa soko. Nataka kuwajua kwa upande wa anayewakopesha. Jina la depo na hesabu zake havitaandikwa katika kazi hiyo bila idhini yenu. Zaidi ya Kiswahili na Kifaransa, nasema Kibemba, na huenda kikafaa malori yanapofika kutoka Kasumbalesa na madereva wa Zambia.

Niko tayari kufika Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Masomo yangu yaliyobaki ni ya jioni. Sidai mshahara. Mkiweza kunisaidia nauli kutoka Katuba nitashukuru, lakini hilo si sharti la ombi langu.

Nimeambatanisha wasifu wangu wenye namba ya simu, barua ya taasisi ya kunitambulisha, nakala ya matokeo ya mwaka jana, na kurasa mbili za daftari la duka, majina ya wateja yakiwa yamefutwa. Mkipenda kunijaribu kwanza kwa kunipa kese ya siku moja niilinganishe mbele yenu, niiteni siku yoyote ya wiki hii au ijayo, asubuhi.

Pokeeni, Bwana Mkuu, salamu zangu za heshima.

Esther Mwamba
(sahihi)