Nukuu ya bei: meza 12 za ofisi, chaguo tatu

1 Septemba 2025

Bi. Rehema,

Habari za kazi. Asante kwa kutukaribisha tupime ofisi yenu mpya. Meza zote 12 tumezipigia hesabu kwa kipimo kimoja, sentimita 140 kwa 70, kila moja na droo mbili. Tofauti ya bei inatokana na mbao, reli za droo na muda wa kazi. Usafiri na ufungaji vimo ndani ya bei.

Ya kawaida: shilingi 140,000 kwa meza, jumla 1,680,000. Ni chipubodi yenye ganda gumu juu. Inapendeza na inafutika kirahisi, ila maji yakiingia kwenye kingo inavimba na hairudi tena. Ukiifungua na kuifunga mara kwa mara, skrubu zinalegea. Siku 7 za kazi, dhamana mwaka 1.

Ya kati: shilingi 195,000 kwa meza, jumla 2,340,000. Ni plaiwudi ya milimita 18, kingo zimezibwa pande zote, reli za droo ni za gololi. Skrubu zinashika vizuri zaidi, kwa hiyo mkihama ofisi meza zinafunguliwa na kufungwa upya bila wasiwasi. Siku 14 za kazi, dhamana miaka 3.

Ya juu: shilingi 340,000 kwa meza, jumla 4,080,000. Mbao ngumu tupu, vanishi mikono mitatu. Ikichakaa inapigwa msasa na kuwa mpya. Inachukua siku 35 za kazi, na hapo hatuwezi kupunguza: mbao isipokauka sawasawa itapinda ikiwa tayari ofisini kwenu. Dhamana miaka 7.

Siku zinahesabiwa kuanzia siku ya kazi inayofuata malipo ya awali ya nusu. Mkilipa Ijumaa hii, tarehe 5, ya kawaida inafika tarehe 16 Septemba, ya kati tarehe 25, na ya juu mwishoni mwa Oktoba. Mlisema mnafungua tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo ya juu kwa meza zote haiwezekani kwa siku hiyo.

Kwa maoni yangu, chukueni ya kati. Ya kawaida ningeishauri kama mngekuwa mnakaa hapo mwaka mmoja tu. Kama mnataka meza ya chumba cha wageni iwe na hadhi, tunaweza kutengeneza 11 za kati na 1 ya juu kwa 2,485,000. Hiyo moja itafuata Oktoba, nasi tutawaazima meza ya karakana mpaka ifike. (Haina uzuri wowote, lakini imesimama imara.)

Bei hizi zinasimama hadi tarehe 15 Septemba. Rangi mnachagua wenyewe. Vipande vya mfano nitawaletea kesho mchana, mvishike kwa mkono kabla ya kuamua.

Wako katika kazi,
Salum
Fundi mkuu, karakana ya samani