MAOMBI YA MAFAO YA WARITHI WA MAREHEMU SALEHE ATHUMANI MHINA

Mwanahawa Rajabu Shekue,
Kata ya Zirai, Tarafa ya Amani,
Wilaya ya Muheza,
Mkoa wa Tanga.

22 Septemba 2025

Mkurugenzi Mkuu,
Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF),
Dodoma.

Kupitia: Meneja wa Ofisi ya PSSSF, Mkoa wa Tanga.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MADAI YA MAFAO YA WARITHI NA MAOMBI YA KUUNGANISHWA KWA KUMBUKUMBU ZA MICHANGO YA MAREHEMU MUME WANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mjane wa marehemu Salehe Athumani Mhina, aliyekuwa Afisa Ugani wa Kilimo, mwajiriwa wa Halmashauri ya Wilaya ya Muheza, na mwanachama wa Mfuko wako hadi siku alipofariki akiwa bado kazini. Naandika kudai mafao ya warithi kwa niaba yangu mwenyewe na kwa niaba ya watoto watatu aliowaacha. Fomu ya madai nimeijaza na kuitia sahihi, nayo imeambatishwa pamoja na cheti cha ndoa, cheti cha kifo na hati nyingine nitakazozitaja humu kila moja mahali pake.

Marehemu alifariki tarehe 9 Machi 2025 katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, alikofikishwa baada ya kupatwa na kiharusi, akazikwa Zirai kesho yake. Kifo chake kimesajiliwa na cheti kimetolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kupitia kwa Msajili wa Wilaya. Gharama za mazishi zilisimamiwa na mwajiri wake, hivyo sina dai lolote kuhusu hilo. Kama itaonekana kuwa barua hii imechelewa kidogo, naomba ieleweke kwamba nilikuwa ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi kama dini yetu inavyomtaka mjane, na baada ya kutoka eda ilinilazimu kusubiri shauri la mirathi likamilike mahakamani ndipo nipate hati ambazo Mfuko unazihitaji.

Ndoa yetu ilifungwa Ijumaa, tarehe 15 Agosti 2008, Muheza mjini, kwa taratibu za Kiislamu, na ikasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Cheti halisi ninacho, na nakala iliyothibitishwa na wakili imeambatishwa. Natamka kwamba tangu siku hiyo hadi mume wangu alipofariki hatukuwahi kupeana talaka wala kutengana, na kwamba hakuwa na mke mwingine. Jambo hili limethibitishwa pia katika muhtasari wa kikao cha ukoo kilichoketi nyumbani kwetu, uliotiwa sahihi na wazee wa pande zote mbili, na katika barua ya utambulisho ya Afisa Mtendaji wa Kata ya Zirai.

Sasa naomba nieleze kwa urefu jambo ambalo naamini ndilo litakaloamua hatima ya madai haya, yaani jina la marehemu. Katika cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kitambulisho cha Taifa na cheti cha kifo ameandikwa Salehe Athumani Mhina. Katika barua yake ya ajira ya mwaka 2007, na katika taarifa za michango ya miaka ya mwanzo alizokuwa akizihifadhi kwenye jalada lake nyumbani, ameandikwa Swalehe A. Mhina. Watu hawa wawili ni mtu mmoja. Nimeambatisha kiapo cha kuthibitisha hivyo, kilichoapwa mbele ya Kamishna wa Viapo na kaka mkubwa wa marehemu, Bwana Juma Athumani Mhina, pamoja na barua ya mwajiri inayoeleza kwamba namba ya cheki ya mtumishi haikubadilika kamwe tangu alipoanza kulipwa mshahara. Sidhani kwamba kuna haja ya kutafuta ni nani aliyeongeza herufi hiyo. Ninachoomba ni kumbukumbu zote ziwekwe chini ya mwanachama mmoja.

Uzito wa ombi hili unaonekana katika hesabu ya michango yenyewe. Marehemu aliajiriwa na kuanza kuchangia mwezi Julai 2007, akiwa mwanachama wa uliokuwa Mfuko wa Pensheni wa Serikali za Mitaa (LAPF), na aliendelea huko hadi Julai 2018. Mifuko ya LAPF, PSPF, PPF na GEPF ilipounganishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2018, na Mfuko wako kuanza kazi tarehe 1 Agosti 2018, uanachama wake ulihamia kwako. Kwa kufuata hati za mishahara alizoziacha, ambazo zinaonyesha makato ya asilimia 5 ya mshahara wake mwezi kwa mwezi, mbali na asilimia 15 ambayo ni wajibu wa mwajiri, miezi ya LAPF ni 133 na miezi ya PSSSF hadi Februari 2025 ni 79. Jumla yake ni miezi 212, ambayo inavuka miezi 180 ya uchangiaji inayotakiwa ili mwanachama astahili pensheni. Lakini iwapo kumbukumbu za Swalehe zitaachwa kando na kuhesabiwa zile za Salehe peke yake, mtumishi aliyekatwa mshahara kwa zaidi ya miaka 17 ataonekana kuwa mtu aliyechangia kwa miaka 6 na miezi michache tu, na watoto wake watapunjwa jasho ambalo baba yao alilitoa kweli. Naomba hesabu hiyo isifungwe kabla kiapo na barua ya mwajiri havijasomwa, na kama kuna mwezi wowote ambao mchango wake hauonekani katika vitabu vyenu, nijulishwe kwa maandishi ni mwezi gani ili niufuatilie kwa mwajiri nikiwa na hati ya mshahara mkononi.

Kuhusu watoto, marehemu ameacha watatu: Asha Salehe, aliyezaliwa mwaka 2008, Athumani Salehe, aliyezaliwa mwaka 2010, na Fatuma Salehe, aliyezaliwa mwaka 2016. Vyeti vyao vya kuzaliwa na barua za shule zao zimeambatishwa. Asha si mtoto wa tumbo langu. Alizaliwa miezi michache kabla ya ndoa yetu, mama yake mzazi yuko hai na anaishi Korogwe, na mimi nimemlea tangu alipokuwa na umri wa miaka minne. Nimeamua kulitaja hili wazi kwa sababu nafahamu kwamba jina la mama katika cheti chake ni tofauti na la wadogo zake, na sitaki tofauti hiyo iwe sababu ya kumwacha nje. Baba yake alimtambua, jina lake limo katika cheti, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto kunyimwa haki katika mali ya mzazi wake. Asha yuko kidato cha nne na anatarajia kufanya mtihani wa Taifa mwezi Novemba mwaka huu. Popote Mfuko utakapogawa sehemu ya watoto, naomba apewe sawasawa na wenzake, bila kupunguziwa hata shilingi. Mama yake mzazi ameandika barua ya kuridhia kwamba niendelee kuwa mlezi wake, nayo imo miongoni mwa viambatisho.

Usimamizi wa mirathi umetolewa na Mahakama ya Mwanzo kwa Bwana Juma Athumani Mhina, shemeji yangu, na nakala ya hati yake ya uteuzi, yaani Fomu Namba IV, imeambatishwa. Shamba la iliki na mdalasini pamoja na nyumba vinagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, ambamo mjane aliyeachiwa watoto hupata thumuni, na mgawo huo nimeukubali kwa moyo mweupe. Hata hivyo, naelewa kwamba mafao ya warithi hutolewa kwa wategemezi kwa kufuata Sheria ya Mfuko, na kwamba hayafuati mafungu ya mirathi. Kwa hiyo naomba sehemu yangu iingizwe moja kwa moja katika akaunti iliyo kwa jina langu, na sehemu ya watoto iingizwe katika akaunti niliyowafungulia watoto, ambayo mimi ni mwangalizi wake. Shemeji yangu analifahamu ombi hili na ametia sahihi tamko la kutokuwa na pingamizi. Namba za akaunti zote mbili nimeziandika ndani ya fomu ya madai na kuambatisha nakala za kadi za benki, na sikuziweka katika barua hii kwa sababu itapita mikononi mwa watu wengi.

Naomba pia Mfuko ufahamu hali tuliyo nayo, si kwa nia ya kuomba upendeleo. Mshahara wa marehemu ndio uliokuwa ukiwalisha watoto na mama yake mzazi, ambaye ni mtu mzima sana na anaishi nami. Iliki haivunwi kila mwezi, na bei yake haitabiriki. Shule zitafunguliwa Januari, na Athumani anasoma bweni. Marehemu alikuwa akiwaambia wakulima wa milimani huku kwamba makato ya kila mwezi aliyokatwa ni akiba ya watoto wake, na alilisema hilo akiwa mzima wa afya, bila kujua kwamba yangehitajika mapema hivi. Nikijulishwa ni lini uhakiki utakamilika, nitaweza kupanga na walimu kuhusu michango na mahitaji yanayolipwa kwa awamu.

Vyeti halisi vya ndoa na kifo nimebaki navyo na niko tayari kuvileta katika ofisi ya Tanga siku yoyote nitakayoitwa kwa ajili ya kulinganishwa na nakala. Kama kuna hati iliyopungua, naomba nielezwe upungufu wote kwa mara moja na kwa maandishi, kwa sababu kutoka Zirai hadi Tanga mjini ni safari ya kutwa nzima, na wakati wa mvua barabara ya kuteremka Amani huharibika.

Natanguliza shukrani kwa kulishughulikia jambo hili.

Wako mtiifu,

Mwanahawa Rajabu Shekue
Mjane wa marehemu

Viambatisho: fomu ya madai iliyojazwa, nakala zilizothibitishwa za cheti cha ndoa na cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu na barua za shule zao, barua ya ajira na barua ya mwajiri kuhusu namba ya cheki, hati za mishahara na taarifa za michango, kiapo cha majina, Fomu Namba IV ya Mahakama ya Mwanzo, muhtasari wa kikao cha ukoo, tamko la msimamizi wa mirathi, barua ya mama mzazi wa Asha, barua ya Afisa Mtendaji wa Kata, nakala za vitambulisho vya Taifa vya marehemu na cha kwangu, nakala za kadi za benki, picha za pasipoti.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Muheza (Idara ya Utawala na Rasilimali Watu), Bwana Juma Athumani Mhina, Msimamizi wa Mirathi.