Mapitio ya Nusu Mwaka: Mtunza Stoo Mkuu, Januari hadi Juni

Ndugu Mtunza Stoo Mkuu,

Hii ni kumbukumbu ya mazungumzo yetu ya Jumanne. Nimeiandika kwa kirefu kwa sababu sitaki ufike Desemba ukasikia kwangu jambo ambalo hukuwahi kulisikia.

Naanza na hesabu ya mali. Desemba iliyopita, kati ya aina 840 za bidhaa tulizo nazo, aina 67 hazikulingana na leja. Mwezi huu zimebaki 31. Lengo la mwaka ni zisizidi 20, nalo linabaki hapo hapo. Najua kazi hii imefanyikaje, maana nilikuwepo siku ulipohesabu rafu ya mikanda ya mashine. Kadi ilisema 60, mkononi ukapata 48. Hukuandika "upungufu" ukaendelea na rafu nyingine. Ulifungua droo, ukapekua hati moja moja mpaka ukaiona ile ya dazeni moja iliyotolewa bila kuandikwa kwenye kadi. Tangu siku hiyo umeweka utaratibu kwamba kitu hakitoki mlangoni kabla kadi haijaandikwa. Huo ndio utendaji ninaotaka uonekane kwenye tathmini yako.

Lengo la pili, kutoa vifaa ndani ya siku moja ya kazi, lilituchukua muda mrefu zaidi. Tulikubaliana 90%, na takwimu zinaonyesha 68%: maombi 280 kati ya 412. Ulisema kipimo chenyewe kinakuonea. Tukafungua rejista pamoja, na kweli, kati ya maombi 132 yaliyochelewa, 79 yaliletwa bila saini ya mkuu wa idara na ikabidi yarudishwe. Kosa hilo si lako, na mimi nilipaswa kuligundua tangu robo ya kwanza. Kwa hiyo kuanzia Julai siku itahesabiwa tangu ombi linapofika likiwa na saini kamili. Tukiyaondoa hayo 79, leo uko kwenye 84%. Lengo la 90% halishuki.

Yale 53 yaliyobaki ni ya kwetu. Mengi ni ya Jumatatu, wakati mizigo inapokelewa na dirisha la kutolea vifaa linabaki bila mtu. Nitakupatia msaidizi mmoja kutoka usafirishaji kila Jumatatu asubuhi, kuanzia wiki ijayo. Asipofika, nipigie siku hiyo hiyo.

Kufundisha wasaidizi wawili kupokea mizigo peke yao: mmoja alihamishwa Machi, na aliyekuja badala yake ameanza Mei. Lengo hili tumelirekebisha. Yule aliyebaki akamilishe Agosti. Huyu mgeni, kufikia Desemba, aweze kukagua mzigo dhidi ya hati ya kupokelea ukiwa karibu naye.

Sasa lile gumu. Ripoti ya mwezi imechelewa mara nne kati ya sita. Umenieleza kwamba unasubiri takwimu za uhasibu, nami nimekuelewa, lakini mara zote nne sikupata hata ujumbe mfupi wa kunijulisha. Idara ya manunuzi huagiza kwa kutegemea ripoti hiyo. Ikichelewa, wanaagiza kwa kukisia. Tumekubaliana iletwe kila tarehe 5 ikiwa na takwimu za stoo, na za uhasibu zifuate. Hili lisiporekebishika, litaathiri alama zako hata kama mengine yote yatakwenda vizuri.

Uliniuliza waziwazi unasimama wapi. Kama tathmini ya mwaka ingefanyika leo, ningekupa 3 kati ya 5. Ripoti sita zikija kwa wakati na utoaji ukifika 90%, naiona 4 bila shida.

Tutakaa tena wiki ya mwisho ya Septemba, nusu saa tu, tukiwa na rejista mezani. Andika maoni yako hapa chini kabla ya Ijumaa, hasa pale ambapo hukubaliani nami.

Meneja wa Ugavi

Maoni ya mtumishi: Nakubali yote kuhusu ripoti. Nilidhani ripoti isiyokamilika ni aibu kuliko iliyochelewa, ndiyo maana nilinyamaza. Kuhusu msaidizi wa pili, naomba iandikwe kwamba hatapokea kemikali peke yake mwaka huu, hata mizigo ikizidi. Kwa bidhaa hizo miezi michache ya mafunzo haitoshi, na sitaki apate madhara kwa sababu ya haraka yetu.

Jibu la meneja: Nimekubali. Limeingizwa kwenye lengo la tatu.